Picha Mbili za Kikoi Kimoja

Kikoi cha buluu kimetundikwa ufukweni. Mchanga ni mweupe, maji ni ya kijani, mnazi umeinama upande wa kulia. Mteja anakivuta kwenye simu kwa vidole viwili ili aone kitambaa vizuri, na hapo ndipo picha inapojisaliti. Matamvua ya chini yamegandamana kama meno ya kitana kibovu, baadhi yamekatika katikati, na kila uzi uliosalia umezungukwa na utando mwembamba mweupe. Utando huo ni ukuta wa duka. Kikoi hakijawahi kuiona bahari. Kilipigwa picha Kariakoo, kikakatwa, kikabandikwa.

Wanaouza nguo, mikoba, mazulia na wigi kupitia simu wanaijua aibu hii. Mwili wa bidhaa hausumbui mtu, kwa sababu programu yoyote ya bure inakata mstatili wa kitambaa kwa sekunde chache. Kazi yote iko kwenye sentimita chache za pembeni: matamvua ya kikoi, manyoya ya zulia, nyuzi zilizochomoza kwenye ukili, nywele zilizosimama juu ya wigi. Hapo hata fundi mzoefu anaweza kukaa na brashi hadi saa ya kufunga duka, na bado akaishia na kitu kinachofanana na katuni.

Ipo njia ambayo haihitaji mkono wa fundi kabisa. Inahitaji bidhaa itulie, na ipigwe picha mara mbili: mara moja mbele ya kitu cheupe, mara moja mbele ya kitu cheusi. Ili kuona kwa nini mara mbili na si moja, inabidi kushuka hadi kwenye nukta za picha yenyewe.

Picha ya kawaida ya simu ina upana wa pikseli 4,000 hivi na urefu wa pikseli 3,000. Tuseme kikoi kimetundikwa na kupigwa hivi kwamba upande mrefu wa picha unabeba mita mbili za dunia halisi. Mita mbili ni milimita 2,000, kwa hiyo kila pikseli inabeba nusu milimita. Uzi mmoja wa pamba uliochomoka kwenye tamvua una unene wa karibu nusu milimita hiyohiyo, lakini hauna adabu ya kukaa ndani ya pikseli moja. Unapita kwa mshazari, nusu yake hapa, nusu pale. Unywele wa binadamu ni mwembamba zaidi, chini ya moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo kwa kipimo hicho hauwezi kujaza pikseli hata ukitaka.

Maana yake ni kwamba pembeni mwa bidhaa hakuna pikseli ya uzi na pikseli ya ukuta. Kuna mchanganyiko, kama chai ya maziwa. Kamera inaonja kikombe na kutoa jibu moja tu, yaani rangi iliyotokea. Haisemi maziwa yalikuwa kiasi gani wala chai ilikuwa nzito kiasi gani. Chai nzito iliyotiwa maziwa mengi na chai nyepesi iliyotiwa maziwa kidogo zinaweza kufanana kikombeni.

Mkasi wa kompyuta, hata uwe hodari namna gani, unauliza swali lisilo na jibu hapo: pikseli hii ni ya ndani au ya nje? Ukisema ya ndani, unabeba na ukuta wake, na huo ndio utando mweupe. Ukisema ya nje, umekata uzi. Wengi hukimbilia kulainisha kingo, wakasogeza kitufe cha ukungu hadi makali yapotee. Kinachopatikana ni ukuta na uzi vilevile, sasa vimepakwa pamoja kama mafuta juu ya kioo.

Tuingie kwenye namba, kwa pikseli moja tu iliyoko kwenye ncha ya tamvua. Kompyuta huandika mwanga kwa namba kuanzia 0, ambayo ni giza tupu, hadi 255, ambayo ni weupe wa mwisho. Tuchukulie kwamba namba zinafuata kiasi cha mwanga sawasawa. Baadaye tutaona kwamba kamera ina ujanja kidogo hapo. Shuka jeupe lililoko nyuma ya kikoi linasomeka 240. Pikseli yetu inasomeka 183.

Je, uzi umeziba kiasi gani cha pikseli hiyo? Huenda umeziba nusu, na rangi yake halisi ni 126. Nusu ya 126 ni 63, nusu ya 240 ni 120, jumla 183. Lakini huenda pia uzi ni mweusi kabisa, wenye rangi ya 12, na umeziba robo tu. Robo ya 12 ni 3, robo tatu za 240 ni 180, jumla 183 tena. Majibu yote mawili ni sahihi, na katikati yake yapo mengine yasiyo na idadi. Picha hii haina habari ya kutosha, na hakuna brashi itakayoitoa.

Sasa shuka linaondolewa, linawekwa kitambaa cha mahameli nyeusi kinachosomeka 12. Kikoi hakijaguswa. Kama uzi ni ule wa kwanza, pikseli sasa itasomeka 69, yaani 63 za uzi na 6 za mahameli. Kama ni ule mweusi, itasomeka 12. Picha ya pili inasema 69, na ubishi umekwisha.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la shule ya msingi. Mandhari ilipobadilika kutoka 12 hadi 240, yaani hatua 228, pikseli ilibadilika kutoka 69 hadi 183, yaani hatua 114. Imefuata nusu ya mabadiliko. Kwa hiyo nusu yake ni mandhari na nusu ni uzi. Mahali ambapo kitambaa kimeziba kabisa, pikseli haitabadilika hata kidogo, kwa kuwa haijui kilichoko nyuma yake. Mahali palipo wazi itabadilika hatua zote 228. Kila kilichoko kati ya hapo ni uzi, unywele, au kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga.

Wazo hili lina wenyewe. Alvy Ray Smith, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya filamu za katuni ya Pixar, alishirikiana na Ed Catmull huko New York mwishoni mwa miaka ya 1970 kubuni desturi ya kuipa kila pikseli namba ya ziada inayosema inaziba kiasi gani. Mwaka 1996 Smith na James Blinn walichapisha makala kuhusu hesabu za kutenganisha mtu au kitu na pazia la rangi lililoko nyuma yake. Walionyesha kwamba pazia la rangi moja, kwa ujumla wake, linaacha majibu yasiyo na mwisho. Wakaonyesha pia kwamba kitu hichohicho kikipigwa mbele ya rangi mbili tofauti, jibu linapatikana. Kwenye filamu ushauri huo ni mgumu kuufuata, maana mwigizaji hawezi kusimama bila kupepesa jicho mara mbili sawasawa. Kikoi kinaweza. Muuzaji wa kikoi anayo anasa ambayo watengeneza filamu hawana, na kwa kawaida haitumii.

Kazi ngumu, basi, inahama kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye chumba cha kupigia picha, na sharti lake kuu ni moja: kati ya picha ya kwanza na ya pili kisibadilike kitu chochote isipokuwa kilichoko nyuma.

Kikoi kinatundikwa kwenye fimbo, na fimbo inaning'inizwa kwa mshipi wa kuvulia samaki kutoka darini. Feni inazimwa, dirisha linafungwa, na wapiga picha wanasubiri dakika mbili tatu mpaka matamvua yatulie. Hata kupita kwa mtu karibu kunayatikisa. Simu au kamera inafungwa kwenye stendi ya miguu mitatu, na inapigwa kwa kuhesabu sekunde ili kidole kisiitikise. Mita moja na nusu nyuma ya kikoi, kwenye bomba la pazia, zinaning'inia shuka jeupe lililopigwa pasi na mahameli nyeusi, tayari kuvutwa kama mapazia ya sebuleni.

Umbali huo wa mita moja na nusu una sababu. Shuka jeupe likiwa karibu, linarusha mwanga wake kwenye mgongo na pembe za kikoi, na mahameli haitafanya hivyo. Hesabu itaona kingo zimebadilika na kudhani kitambaa kinapitisha mwanga. Kadiri mandhari inavyosogea nyuma, ndivyo mwanga huo wa kurudi unavyofifia. Taa za bidhaa ziwekwe mbele, kushoto na kulia, na taa za shuka ziwe zake peke yake.

Mtego mkubwa kuliko wote ni simu yenyewe, kwa kujifanya ina akili. Ikiona shuka jeupe limejaa kwenye picha, inapunguza mwanga. Ikiona mahameli, inaongeza. Kikoi kilekile kitatoka cheusi mara ya kwanza na cheupe mara ya pili, na hesabu yote imevunjika kabla haijaanza. Kwenye iPhone mpigaji anagusa kioo na kushikilia hadi yatokee maandishi `AE/AF LOCK`. Simu nyingi za Android zina hali ya `Pro`, ambako mwanga, kasi, umbali wa lenzi na rangi ya taa vinapangwa kwa mkono na kubaki hapo. `HDR` inazimwa. Mwanga unapangwa shuka likiwa nyuma, liwe jeupe lakini lisifike 255, kwa sababu namba hiyo ni kama ndoo iliyojaa: ukizidi kumimina, haionyeshi tena umezidisha kiasi gani. Likisimama karibu na 240, panatosha.

Kwa vitu vidogo, kama hereni zenye vishada vya nyuzi, kuna njia ya mkato inayofurahisha. Nyuma ya hereni inawekwa televisheni au kompyuta ya mkononi, kioo chake kinaonyesha ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi mtupu. Hakuna pazia la kuvuta. Lenzi ikilenga hereni, kioo kinabaki na ukungu na mistari yake midogo haionekani.

Picha mbili zikishapatikana, zinafunguliwa kwenye programu inayojua matabaka. Photopea inafanya kazi ndani ya kivinjari bila malipo, na majina ya vitufe vyake yanafanana na ya Photoshop. Picha nyeupe inawekwa chini, nyeusi juu yake, na tabaka la juu linapewa hali ya `Difference`. Hali hiyo inatoa namba moja kutoka kwa nyingine, pikseli kwa pikseli, na kinachobaki kwenye kioo ni kitu cha kushangaza kwa anayekiona mara ya kwanza. Mandhari yote ni nyeupe, kikoi chote ni cheusi kama kivuli cha mtu ukutani, na matamvua yanashuka uzi mmoja mmoja, kila mmoja na rangi yake ya kijivu kulingana na ulivyoziba. Hakuna aliyeyachora.

Kivuli hicho ndicho pia kipimo cha kazi iliyofanyika chumbani. Mwili wa kikoi ukiwa mweusi tii, mambo ni mazuri. Ukiwa wa kijivu kila mahali, simu ilibadilisha mwanga kati ya picha mbili. Ukionekana kama sarafu, mistari ya kitambaa imechomoza upande mmoja na kuzama upande mwingine, kitu kimesogea, ama kikoi au stendi. Msogeo ukiwa mmoja kwa picha nzima, tabaka la juu linaweza kusukumwa pikseli moja au mbili mpaka mistari ipotee. Lakini kama mwili ni mweusi na matamvua peke yake yana sura mbilimbili, upepo ulipita, na hapo dawa ni kurudia kupiga. Kama weusi umefifia kwenye kingo tu, kwa ukanda mpana unaofuata umbo la kikoi, shuka lilikuwa karibu mno.

Tukirudi kwenye pikseli yetu, kuna hatua moja ya kuweka mizani kabla ya kuunganisha. Shuka lilikuwa 240 na si 255, mahameli 12 na si 0. Kwa hiyo picha zote mbili zinapitishwa kwenye `Levels`, na kwa zote mbili namba ya giza inawekwa 12 na ya weupe 240. Sasa shuka ni jeupe kamili na mahameli ni nyeusi kamili. Rangi ya kikoi inakolea kidogo kwa hatua hiyo, na inafaa kurudishwa mwishoni kwa kulinganisha na kikoi chenyewe mkononi. Mteja aliyenunua buluu ya bahari hatafurahi kupokea buluu ya wino.

Kisha unafuata mpangilio ambao ni mwepesi kuliko maelezo yake. Nakala ya picha nyeusi inawekwa kando. Yale matabaka mawili ya `Difference` yanaunganishwa kuwa tabaka moja, na rangi zake zinafutwa kwa `Desaturate` libaki la kijivu. Chini kabisa inawekwa picha ya ufukwe. Juu yake linakuja lile tabaka la kivuli, likiwa katika hali ya `Multiply`. Bahari inaonekana palipo peupe, na katikati yake kuna tundu jeusi lenye umbo la kikoi, hadi uzi wa mwisho. Juu ya yote inawekwa ile nakala ya picha nyeusi katika hali ya `Linear Dodge`, ambayo kazi yake ni kujumlisha tu. Kikoi kinaingia ndani ya tundu lake.

Pikseli yetu imepata nini? Uzi ulichangia 63, kwa kuwa kwenye picha nyeusi hakuna kingine kinachong'aa. Tuseme bahari mahali pale ina 100. Tundu la nusu linaacha 50 ipite. Jumla ni 113, kwa namba za awali kabla ya kuvutwa na `Levels`. Uzi wa 126 mbele ya bahari ya 100 unakutana katikati, kama ambavyo ungekutana kama kikoi kingekuwa kweli kimetundikwa pwani. Yule aliyekata kwa mkasi na kuibeba pikseli ilivyo angeweka 183 mahali hapo, kitu cheupe kuliko uzi na cheupe kuliko bahari. Huo ndio utando ulioonwa na mteja.

Shuka huwa halina mwanga sawa pembe zote, na pembe iliyofifia itaitia bahari giza pasipo sababu. Marekebisho yake hayana ufundi: kwenye tabaka la kivuli, mbali na kikoi, brashi nyeupe inapakwa hadi pembeni.

Ule ujanja wa kamera uliotajwa awali unaonekana kwenye nyuzi nyeupe. Picha ya `JPEG` haiandiki mwanga kama ulivyo. Nusu ya mwanga wa weupe huandikwa karibu 188, si 128, kwa sababu jicho la mtu linatambua tofauti za gizani vizuri zaidi na namba zimegawanywa kulifuata. Kwa nyuzi nyeusi na nywele nyeusi hilo halileti shida kwa mpangilio huu wa kuzidisha. Kwa matamvua meupe mbele ya bahari yenye rangi ya wastani, kujumlisha namba hizo kunazidisha, na nyuzi zinatoka zikimeta kama zimewashwa taa ndani. Anayekutana na hali hiyo anahamia programu ya bure ya GIMP, ambako kila tabaka lina chaguo la `Blend Space`, na anachagua `RGB (linear)`. Hesabu ileile inafanyika kwa kiasi halisi cha mwanga, na nyuzi zinatulia.

Vitu vinavyometa ni kesi nyingine kabisa. Kofia ya shanga au gauni la sikwini linabeba taswira ya chumba, na shuka jeupe likija nyuma yake, kila sikwini iliyoelekea huko inakuwa jeupe. Hesabu itaamini gauni lina matundu elfu moja. Hapo tabaka la kivuli linapakwa brashi nyeusi ndani ya mwili wa gauni, na kingo za nyuzi zinaachwa kama zilivyo. Chupa ya glasi ni mbaya zaidi, kwa sababu inapinda kilichoko nyuma yake badala ya kukipitisha. Bahari halisi ingeonekana ndani ya chupa ikiwa imepinda, na picha mbili hazina habari hiyo.

Swali la wauzaji wengi, hata hivyo, ni kuhusu picha ambayo imekwisha kupigwa. Wigi limeshauzwa, picha ni moja, na nyuma yake ni ukuta mweupe. Namba zilezile zinaonyesha nini kinawezekana. Kama nywele ni nyeusi, mchango wake kwenye picha nyeusi ungekuwa karibu na sifuri. Picha ya pili ingekuwa giza tupu kwenye kingo, na kwa hiyo haikosekani! Picha moja mbele ya ukuta mweupe tayari ndiyo lile tabaka la kivuli. Inatosha kuiweka juu ya mandhari mpya kwa `Multiply`, na kila unywele uliosimama unaonekana umechorwa juu ya mandhari hiyo. Paji la uso la kichwa cha plastiki, kitambaa na mng'ao wa nywele vitapenyeza mandhari, kwa hiyo nakala ya pili ya picha inawekwa juu yake katika hali ya kawaida, ikikatwa ndani kidogo ya ukingo, kusikokuwa na nywele moja moja. Mafundi wa studio wamekuwa wakifanya hivi kwa miaka mingi, wengi bila kujali sababu yake.

Sababu hiyohiyo inaeleza kwa nini ujanja huo unakataa kwenye wigi la rangi ya asali. Nywele hizo zina mwanga wake, na `Multiply` haina njia ya kuurudisha. Mbele ya mandhari ya giza zinapotea. Kwa picha moja ya namna hiyo Photoshop ina chumba chake kiitwacho `Select and Mask`, na ndani yake kitufe cha `Decontaminate Colors`. Kinachofanya ni kukisia: kinachukua rangi ya nywele za ndani, zile zilizo salama, na kuisukuma nje hadi kwenye kingo zilizochanganyika na ukuta. Kwa wigi la rangi moja makisio huwa mazuri. Kwa kikoi ambacho tamvua moja ni la buluu na la pili jeupe, rangi huingiliana, na jibu la kuaminika ni kurudi kwenye mapazia mawili.

Watu wa sinema, waliokuwa hawawezi kumtuliza mwigizaji, walilitatua tatizo lao kwa kupiga picha mbili kwa wakati mmoja. Katika filamu ya *Mary Poppins* ya mwaka 1964, waigizaji walisimama mbele ya pazia lililomulikwa taa za sodiamu, zenye rangi ya manjano nyembamba mno. Ndani ya kamera mche wa kioo uligawa mwanga: manjano ile ilikwenda kwenye filamu moja, rangi nyingine zote kwenye nyingine. Filamu ya manjano ilikuwa ndiyo kivuli, kimechukuliwa nukta ileile ya wakati. Wavu mwepesi wa kofia ya Julie Andrews ulipita bila kukatwa. Petro Vlahos, Wadsworth Pohl na Ub Iwerks walipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo.

Kikoi kilichounganishwa kinahifadhiwa pamoja na matabaka yake, na kinachotumwa kwa wateja ni nakala iliyopunguzwa. Kabla ya hapo ufukwe unabadilishwa kwa muda na kuwekwa rangi nyekundu kali, kisha nyeusi, na matamvua yanakaguliwa yakiwa yamekuzwa mara mbili. Utando uliojificha mbele ya mchanga mweupe utaonekana mbele ya nyekundu.

Linabaki jua. Ikiwa kwenye picha ya ufukwe jua linatoka kushoto, na taa kali ya chumbani ilikuwa kulia, kila tamvua litakuwa na mng'ao upande usio wake, na mtazamaji atahisi kuna kitu hakijakaa sawa hata asipojua ni nini. Kikoi kina bahati: mistari yake haisomwi, kwa hiyo kinageuzwa kushoto kwenda kulia kama kwenye kioo, na mwanga unalingana. Kanga haigeuzwi hivyo, kwa sababu jina lake litasomeka kinyumenyume. Anayepiga kanga anachagua ufukwe kwanza, ndipo anapanga taa.